Jina moja kwa kila kitu: jinsi ya kusafisha istilahi katika mwongozo mrefu wa kazi

Wengi wanaosafisha istilahi za mwongozo mrefu huanzia mwisho. Hufungua kisanduku cha kutafutia, huandika jina la zamani na jipya, kisha hubonyeza kitufe cha kubadilisha yote. Dakika moja baadaye waraka una "mfumo hii inatuma taarifa", una neno "kaguasha" lililozaliwa pale "hakiki" ilipobadilishwa kuwa "kagua" ndani ya "hakikisha", na kosa la awali bado lipo palepale. Kosa hilo halikuwa la herufi. Waandishi hawakuwa wamekubaliana nani anafanya nini.

Hapa tutafuata mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: mwongozo wa manunuzi wa kurasa 80, ulioandikwa na watu watano, kila mmoja na sura zake.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala moja ya waraka iliyofungwa. Hakuna mtu mwingine anayeihariri mpaka umalize.
- Nakala ya pili ya maandishi matupu (faili la `.txt`), kwa ajili ya kutafuta tu.
- Jedwali tupu katika programu yoyote ya majedwali.
- Fomu halisi zinazojazwa, na picha za skrini za mifumo inayotajwa.
- Mtu anayeifanya kazi yenyewe kila siku. Bosi wake hatoshi.
- Mtu mwingine asiyeijua kazi hiyo kabisa. Huyu utamhitaji mwishoni.

Ikiwa waraka una mabadiliko yanayofuatiliwa, yale ya kukatwa kwa mstari na kuongezwa kwa rangi, yakubali au yakatae yote kwanza. Usipofanya hivyo, utafutaji utakuletea maneno yaliyokwisha kufutwa, na hesabu zako zitakudanganya.

## Hatua ya 1: Kusanya majina kwa kusoma

Soma waraka wote mara moja bila kusahihisha chochote. Kila unapokutana na jina la mhusika, la mfumo au la mchakato, liandike kwenye jedwali pamoja na ukurasa na sentensi nzima lilimotokea. Sentensi ni muhimu kuliko jina, maana ndiyo itakayokuonyesha baadaye kwamba "msimamizi" wa ukurasa wa 12 anasimamia ghala, na "msimamizi" wa ukurasa wa 61 anafungua akaunti za watumiaji.

Kwa nini kusoma na si kutafuta? Kwa sababu huwezi kutafuta jina ambalo hujui kwamba lipo. Ukitafuta "meneja wa fedha" utampata meneja wa fedha, lakini hutampata "mkuu husika", "ofisi yenye mamlaka" wala "wahusika", na hawa wasio na sura ndio wanaoleta matatizo mengi zaidi.

Anzia kwenye michoro, vichwa vya majedwali, maelezo ya picha na viambatisho. Maandishi yaliyo ndani ya picha hayatafutiki, kwa hiyo usipoyanasa sasa kwa macho, yatabaki na majina ya zamani.

Utajua umefanikiwa ukifika kwenye kurasa za mwisho na hakuna jina jipya linaloongezeka kwenye jedwali.

## Hatua ya 2: Panga kwa kitu, si kwa jina

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Katika mwongozo wetu, malipo yalionekana kuwa mikononi mwa watu wanne. Sura ya 2 ilimtaja Mkuu wa Fedha, sura ya 4 Meneja wa Fedha, sura ya 7 mhasibu mkuu, na fomu kwenye kiambatisho ilikuwa na nafasi ya saini ya "Mwidhinishaji". Mtu mwenye haraka angeona majina manne ya mtu mmoja na kuyaunganisha yote. Angeharibu mwongozo.

Keti na yule anayeifanya kazi, lakini usimuulize, "Mkuu wa Fedha ndiye Meneja wa Fedha?" Atasema ndiyo ili mmalize. Mwambie, "Tufungue faili la ankara ya mwisho iliyolipwa. Hii saini ya kwanza ni ya nani? Na hii ya pili? Alikuwa anathibitisha nini alipoitia?"

Kwa njia hiyo picha ikawa hivi. Mkuu wa Fedha na Meneja wa Fedha ni cheo kimoja. Kilibadilishwa jina sura ya 2 ikiwa imeshaandikwa. Mhasibu mkuu ni mtu mwingine, naye kazi yake katika malipo ni kulinganisha oda ya ununuzi, hati ya mapokezi na ankara kabla ya fedha kutoka. Na "Mwidhinishaji" si cheo hata kidogo. Ni jukumu: kwa malipo madogo hulibeba Meneja wa Fedha, kwa makubwa hulibeba Mkurugenzi.

Tofauti hiyo ya cheo na jukumu ishike sana. Cheo ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba wa mtu. Jukumu ni kile anachofanya katika mchakato huu. Ndani ya hatua za kazi tumia jina la jukumu tu. Vyeo viweke kwenye jedwali moja mwanzoni, Jedwali la 1, linaloonyesha jukumu gani linabebwa na nani. Taasisi ikibadilisha muundo wake, utarekebisha jedwali moja na si kurasa 80.

Kuna makosa mawili unayoyawinda. La kwanza ni kitu kimoja chenye majina mengi, na hili huonekana upesi. La pili ni jina moja linalobeba vitu viwili, kama "msimamizi" wetu. Hilo ni la hatari zaidi kwa sababu waraka unaonekana safi. Pima kwa swali hili: je, kuna kanuni inayowakataza hawa wawili kuwa mtu mmoja? Ikiwa anayelinganisha nyaraka haruhusiwi kuidhinisha malipo yaleyale, basi ni majukumu mawili na yanahitaji majina mawili, hata kama taasisi ni ndogo na mtu mmoja huyabeba yote mawili kwa zamu.

Kwa mifumo, rejea picha za skrini. Mwongozo wetu ulikuwa na "mfumo wa manunuzi", "mfumo wa ununuzi", "programu ya manunuzi" na "programu ya manunuzi ya wazabuni". Skrini zilionyesha kwamba tatu za kwanza ni kitu kimoja, na ya nne ni mlango wa nje wa mfumo huohuo, ambamo wauzaji hupakia ankara zao bila kuona kitu kingine chochote. Basi vitu ni viwili.

Kwa michakato, tatizo lilikuwa kitenzi "kupitisha". Ombi lilipitishwa, mzigo ulipitishwa, ankara ilipitishwa. Tulipouliza kila mara ni kitendo gani hasa, vilipatikana vitatu: kuthibitisha mapokezi ya mzigo, kuhakiki ankara kwa kuilinganisha na nyaraka nyingine, na kuidhinisha malipo. Kauli ya kutendwa ilikuwa imeficha mtenda pamoja na tendo. "Ankara itapitishwa" haisemi ni nani wala ni nini.

Utajua umefanikiwa ikiwa kila kundi kwenye jedwali lako linaelezeka kwa sentensi moja isiyo na "au".

## Hatua ya 3: Chagua jina litakalobaki

Jina lililo kwenye skrini au kwenye fomu lina haki ya kwanza, hata kama unalo zuri zaidi. Msomaji atakuwa na mwongozo mkono mmoja na fomu mkono mwingine, na majina yakipishana, atasimama. Ikiwa fomu yenyewe ina jina baya, badilisha fomu na mwongozo siku moja, au acha vyote viwili.

Baada ya hapo, angalia mambo machache. Jina lisiwe la mtu wala toleo la programu, kwa sababu vyote hubadilika. Lisikaribie sana jina jingine lililomo. Sisi tulikataa "Mkaguzi" kwa anayelinganisha nyaraka kwa sababu taasisi ina Mkaguzi wa Ndani, na msomaji angewachanganya, tukachagua "Mhakiki".

Amua pia tahajia na herufi kubwa. "Mwidhinishaji" na "muidhinishaji", "afisa" na "ofisa", "manunuzi" na "ununuzi": yote huandikwa, na mwandishi mmoja anaweza kuyatumia yote katika ukurasa mmoja. Chagua moja. Mimi hupendelea herufi kubwa kwa jina la jukumu na la mfumo, kwa sababu humwambia msomaji kwamba hili ni jina lililoamuliwa, lina maana yake kwenye rejista, jedwali la majina tutakaloandika katika hatua ya 4.

Kwa mchakato, chagua familia nzima ya maneno: kitenzi, nomino ya tendo, nomino ya mtenda na hali ya hati baada ya tendo. Kuhakiki, uhakiki, Mhakiki, ankara iliyohakikiwa. Ukichagua kitenzi peke yake, mwandishi mwingine ataandika "Mhakiki akimaliza ukaguzi" na utakuwa umerudi ulikotoka.

## Hatua ya 4: Andika rejista

Rejista ni jedwali fupi. Safu ya "Usitumie" ndiyo itakayofanya kazi kubwa, maana ndiyo utakayoitafuta baadaye.

| Tumia | Maana | Usitumie |
|---|---|---|
| Mhakiki | Anayelinganisha ankara na oda ya ununuzi na hati ya mapokezi | mkaguzi, mhasibu mkuu, mkuu husika |
| Mwidhinishaji | Anayeruhusu malipo baada ya uhakiki. Vyeo viko Jedwali la 1 | muidhinishaji, Mkuu wa Fedha, Meneja wa Fedha, ofisi yenye mamlaka |
| Mfumo wa Manunuzi | Mfumo ambamo oda na ankara huhifadhiwa | mfumo (peke yake), programu ya manunuzi, mfumo wa ununuzi |
| Tovuti ya Wazabuni | Sehemu ya Mfumo wa Manunuzi ambamo wauzaji hupakia ankara | programu ya manunuzi ya wazabuni |
| kuhakiki, uhakiki | Kulinganisha hati tatu na kuandika matokeo | kukagua, kupitia, kupitisha |
| kuidhinisha, uidhinishaji | Kuruhusu malipo yafanyike | kupitisha, kuthibitisha malipo, kuridhia |

"Mfumo" peke yake tumeukataza kwa sababu waraka huu una mifumo miwili, wa manunuzi na wa uhasibu. Katika waraka wenye mfumo mmoja tu, hakuna ubaya kuufupisha.

Tahadhari: maneno yaliyonukuliwa kutoka kwenye sheria, mkataba au barua ya mtu mwingine usiyabadilishe. Yaache kama yalivyo, kisha ongeza kwenye rejista mstari unaosema jina hilo la sheria linalingana na jina lipi humu.

## Hatua ya 5: Badilisha, moja baada ya jingine

Sasa ndiyo unafungua kisanduku cha kutafutia. Usiguse kitufe cha kubadilisha yote.

Tafuta kwa mzizi. Maneno yetu hubeba viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo ukitafuta "kukagua" hutapata "imekaguliwa", "mkaguzi" wala "ukaguzi". Tafuta `kagu` na utayapata yote. Kwa idhini tafuta `idhini`, maana humo mmo pia "ameidhinisha" na "mwidhinishaji". Ikiwa una faili la maandishi matupu na unaweza kutumia `grep`, programu ya kutafuta maandishi kwa kuandika amri, amri hii itakupa kila umbo na idadi yake:

```
grep -o -i -E "[a-z]*(kagu|pitish|idhini|hakiki)[a-z]*" mwongozo.txt | sort | uniq -c | sort -rn
```

Soma orodha hiyo kwa makini. Utakuta "hakikisha" mara nyingi, na hiyo haihusiki kabisa na uhakiki wa ankara, iache. Wala mzizi `pitish` hautakuletea "ombi likishapita", ambalo lina kosa lilelile. Ukitafuta `pit` utaletewa pia kila "kupitia". Hapo hakuna njia ya mkato, ni kusoma.

Anza na jina refu, malizia na fupi. Ukibadilisha "programu ya manunuzi" kabla ya "programu ya manunuzi ya wazabuni", utapata "Mfumo wa Manunuzi ya wazabuni", ambacho si kitu chochote.

Fuata upatanisho hadi mwisho wa aya. "Programu" iko katika ngeli ya I-ZI, "mfumo" uko katika U-I. Jina likibadilika, vitenzi, vivumishi na vionyeshi vyote vinavyolifuata lazima vibadilike, hata vile vilivyo sentensi mbili mbele ambako jina halitajwi tena. "Itatuma" pekee katikati ya aya ndiyo mabaki yanayosahaulika zaidi. Ndiyo maana ninasema soma aya nzima kila unapobadilisha jina moja.

Mtaje mtenda upya kila hatua. Lugha yetu hutuwezesha kuacha jina na kubaki na kiambishi, na katika hadithi hilo ni zuri. Katika taratibu za kazi, "a-" moja inaweza kumwangukia yeyote. "Mhakiki humrudishia Mwidhinishaji, na akikubali..." Nani akikubali? Ndivyo ilivyo pia kwa mifumo: "Mfumo wa Manunuzi" na "Mfumo wa Uhasibu" yote huchukua "u-", kwa hiyo "ukipokea" haisemi ni upi. Rudia jina. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno huchosha msomaji wa insha, lakini huyu hasomi insha. Anatafuta mstari unaomhusu.

Tazama aya moja ilivyokuwa:

> Programu ya manunuzi ikishapokea ankara, huituma kwa mkuu husika, naye akiridhika ataipitisha. Itatuma taarifa kwa wahusika.

Na ilivyokuwa baada ya kazi:

> Mfumo wa Manunuzi ukishapokea ankara, huituma kwa Mhakiki. Mhakiki huilinganisha na oda ya ununuzi na hati ya mapokezi. Zikilingana, Mhakiki huipeleka ankara kwa Mwidhinishaji. Mwidhinishaji huidhinisha malipo, au huirudisha ankara kwa Mhakiki pamoja na sababu. Malipo yakiidhinishwa, Mfumo wa Manunuzi humtumia taarifa Mhakiki na muuzaji.

Aya imekuwa ndefu. Urefu huo haukutokana na majina mapya bali na habari ambazo aya ya kwanza ilikuwa inazificha: nini kinalinganishwa, kipi kinafuata ikikataliwa, na "wahusika" ni akina nani. Hutaweza kuijaza aya kama hiyo ukiwa peke yako mezani. Ukikutana nayo, rudi kwa anayeifanya kazi.

Mwisho wa hatua hii, chora upya michoro yenye majina ya zamani. Usibandike kisanduku cheupe chenye jina jipya juu ya picha. Anayefuata hataweza kuihariri.

Utajua umefanikiwa ukisoma sura yoyote kwa sauti na hakuna kitenzi kinachokukwaza ulimi kwa ngeli isiyo yake.

## Hatua ya 6: Jaribu kwa njia mbili

Kwanza, tafuta kila kilichomo kwenye safu ya "Usitumie", ukianzia na nakala mpya ya maandishi matupu na si ile ya zamani. Kila jina lirudishe sifuri, au litokee mahali unapoweza kueleza, kama ndani ya nukuu, kwenye Jedwali la 1 au kwenye rejista yenyewe. Jina likionekana kwa macho huku utafutaji ukisema halipo, huenda kati ya maneno yake mna nafasi maalumu isiyokatika mwishoni mwa mstari. Kompyuta huiona kuwa alama tofauti na nafasi ya kawaida. Tafuta kwa neno moja moja.

Pili, mpe waraka yule asiyeijua kazi, bila rejista. Mwombe aorodheshe kila mhusika anayeshiriki kuanzia oda hadi malipo, na kila mfumo uliotajwa. Linganisha orodha yake na rejista. Akiwa na wahusika wengi kuliko wewe, bado kuna jina la pili limejificha. Akiwa na wachache, umeunganisha vitu viwili, au majina yako mawili yanafanana mno. Muulize ni ukurasa gani uliomfanya aamini hivyo, na uanzie hapo.

Jaribio la kwanza bila la pili halitoshi. Kompyuta inaweza kukuhakikishia kwamba jina la zamani limetoka. Haiwezi kukuambia kwamba jipya linaeleweka.

## Hatua ya 7: Zuia majina mapya kuingia

Weka rejista mwanzoni mwa waraka, kabla ya sura ya kwanza. Ikikaa kwenye faili tofauti, waandishi hawataifungua.

Mteue mtu mmoja mwenye rejista. Mwandishi akihitaji jina ambalo halimo, hulipeleka kwake na sentensi moja ya maana yake, na mwenye rejista hujibu moja kati ya mambo mawili: tayari lipo, tumia hili; au limeingia, hii ndiyo tahajia. Jibu lisichukue siku nyingi, maana mwandishi anayesubiri sana hubuni la kwake.

Kabla ya kila toleo jipya, rudia jaribio la kwanza la hatua ya 6. Sura zilizobadilishwa zisomwe nzima, na jambo la kwanza kutazamwa liwe "mfumo" ulio peke yake na "wahusika". Hayo mawili hurudi kabla ya mengine yote.